Jasho Linalodondoka Halipozi Mwili

Mbio za Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi kila mwaka, mwishoni mwa Februari au siku za mwanzo za Machi. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, tarehe hiyo ina gharama yake: miezi yote mitatu ya maandalizi inaangukia majira ya kaskazi, wakati pwani ina joto kuliko msimu mwingine wowote na hewa imejaa unyevu usiku na mchana. Wengi wetu huanza maandalizi hayo kwa ratiba iliyopangwa kana kwamba ni Julai. Jumanne mbio za kasi, Alhamisi kilomita 10 za mwendo mkali, Jumapili mbio ndefu, na saa ya mkononi ndiyo hakimu wa kila kilomita. Ikifika katikati ya Januari miguu imekuwa mizito, usingizi ni wa mang'amung'amu, mwendo umeshuka, na mkimbiaji anahitimisha kwamba tatizo ni uvivu. Basi anaongeza bidii, na hapo anaingia mahali pa hatari, kwa sababu kwenye joto la unyevu kinachoangusha watu kwanza ni bidii yenyewe. Kiu huja nyuma.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo ya joto. Misuli inapofanya kazi, karibu robo tu ya nishati, au hata pungufu, ndiyo inayomsogeza mtu mbele. Iliyobaki inageuka joto humo humo mwilini. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Tuchukue dada mwenye kilo 60 anayekwenda kilomita 10 kwa saa: anatumia kama kilokalori 600, na karibu 480 kati ya hizo ni joto tupu. Kama joto hilo lisingekuwa na pa kutokea, mwili wake ungepanda nyuzi moja kila baada ya dakika sita au saba, na nusu saa ingetosha kumfikisha kwenye nyuzi zinazoua. Hafiki huko kwa sababu anatoka jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kama kilokalori 580. Kwa hiyo dada huyu akikausha pungufu kidogo ya lita moja kwa saa, amelipa deni lote.

Neno la kushika hapo ni kukauka. Jasho linalochuruzika mgongoni na kudondoka barabarani halijachukua joto la maana. Mwili umepoteza maji na chumvi bila kupata chochote. Ni kama mtungi wa maji: maji yake yanapoa kwa sababu unyevu unaopenya udongo unakauka kwa nje, na siku hewa ilipojaa unyevu mtungi unalowa tu na maji yanabaki vuguvugu. Mkimbiaji wa pwani mwezi wa Januari yuko hivyo. Anatoka jasho jingi kuliko wakati wa kusi, viatu vinalia maji, lakini sehemu kubwa ya jasho hilo haikauki. Moyo nao unabeba kazi mbili, kupeleka damu kwenye misuli inayokimbia na kupeleka nyingine kwenye ngozi ili joto litoke. Ndiyo maana mapigo yanapanda ingawa mwendo ni ule ule.

Hapa lazima niseme jambo linaloniumiza ninapoliona asubuhi ufukweni: watu wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni, au wamevaa masweta mazito na makoti ya plastiki, wakitaka kupunguza uzito. Kilo inayopungua kwa njia hiyo ni maji, na inarudi kwa glasi chache za maji. Mafuta hayachuruziki. Ila kizuizi kile kinafanya kwa makusudi kile ambacho hewa ya kaskazi inafanya yenyewe, yaani kinazuia jasho kukauka. Mwishoni mwa mwaka 1997, huko Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walifariki ndani ya wiki chache, kila mmoja katika chuo chake, walipokuwa wakifanya mazoezi mazito ndani ya nguo zisizopitisha hewa ili wafikie uzito wa mashindano. Walikuwa vijana wenye afya waliozoea mazoezi. Baada ya vifo hivyo mavazi ya namna hiyo yalipigwa marufuku katika mieleka ya vyuo.

Swali la kwanza la mkimbiaji wa Dar huwa ni muda: alfajiri au jioni? Simu inatuchanganya hapa. Saa kumi na mbili asubuhi inaonyesha nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 92. Saa nane mchana inaonyesha nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 62. Mtu akitazama asilimia peke yake atasema mchana hewa ni kavu zaidi. Si kweli. Ukipiga hesabu, saa zote mbili kila mita ya ujazo ya hewa imebeba maji yale yale, kama gramu 21. Asilimia inashuka mchana kwa kuwa hewa ya moto ina uwezo wa kubeba maji mengi zaidi, wala hakuna maji yaliyoondoka. Hewa ya alfajiri ya mahali pa juu kama Arusha, kwenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 90, ina gramu 14 hivi tu. Asilimia ni karibu sawa na za Dar, lakini jasho la Arusha linakauka na la Dar linadondoka.

Kwa hiyo alfajiri ya pwani haina hewa kavu. Inachotupa ni nyuzi chache pungufu na, kubwa zaidi, kukosekana kwa jua. Jua la saa mbili na nusu asubuhi linaongeza mzigo wake juu ya ule wa misuli, na lami inauongeza kutoka chini. Anayeanza saa kumi na moja na nusu alfajiri anamaliza mbio ya saa moja kabla jua halijashika. Anayeanza saa moja kwa sababu kikundi kimechelewa kukusanyika, kisha anakwenda saa mbili nzima, amejiwekea sehemu ngumu ya mbio kwenye jua kali. Jioni baada ya saa kumi na moja na nusu inafaa pia, ingawa lami na kuta bado zinarudisha joto la mchana. Nje ya hapo, chagua njia yenye upepo. Kaskazi ikivuma kutoka baharini inaisogeza mbali ile hewa yenye mvuke iliyoganda kwenye ngozi na kuleta nyingine. Ukienda na upepo mgongoni kwa mwendo unaolingana nao, ni kana kwamba umesimama chumbani. Afadhali kwenda na upepo mwanzo, mwili ukiwa bado wa baridi, na kurudi ukiukabili.

Ukitaka namba moja ya kutazama kabla ya kufunga kamba za viatu, acha asilimia. Programu nyingi za hali ya hewa za simu zina mstari unaoitwa Dew Point, nao unakuonyesha ni mvuke kiasi gani hasa ulioko hewani. Ikiwa chini ya 16, kimbia upendavyo. Kuanzia 21 utauhisi mzigo. Dar ya Januari inakaa kwenye 23, 24, wakati mwingine 25, na hapo kocha mwenye busara hampi mtu lengo la dakika kwa kilomita.

Namna joto linavyomshusha hata bingwa ilionekana Doha, Qatar, usiku wa Septemba 27, 2019. Mbio za marathoni za wanawake za mashindano ya dunia zilianza dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kulikwepa jua. Jua halikuwepo, lakini hewa ilikuwa na nyuzi karibu 33 na unyevu unaozidi asilimia 70. Wanawake 68 walianza. Waliomaliza ni 40. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43. Mwezi Januari mwaka huo huo alikuwa amekimbia Dubai kwa 2:17:08. (Adhabu ya dawa aliyopewa mwaka 2025 haikugusa matokeo hayo.) Tofauti ni zaidi ya dakika 15, yaani sekunde 22 kwa kila kilomita, tena kwa mtu aliyemaliza wa kwanza duniani. Hakuna aliyesema kwamba usiku ule alikuwa mvivu. Alikimbia kwa mwendo ambao mwili wake ungeweza kuulipia.

Sekunde 22 hizo ni za mtu anayekimbia kilomita kwa dakika tatu na nusu. Sisi wa katikati tunapoteza zaidi, na tunakaa muda mrefu zaidi ndani ya joto. Turudi kwa dada yetu wa kilo 60. Tuseme Julai anakwenda kilomita kwa dakika 6:30 na moyo wake unapiga mara 145 kwa dakika, akiweza kuongea sentensi nzima bila kuikata. Januari asianze na 6:30 yake. Aanze na 145, kisha aache mwendo ujiseme wenyewe. Inawezekana kabisa saa ikamwonyesha 7:00 mwanzoni, na baada ya saa moja 7:20, kwa mapigo yale yale. Asiye na saa ya kupima moyo ana kipimo kingine kizuri: akishindwa kumaliza sentensi katika mbio zilizokusudiwa kuwa nyepesi, apunguze, na ikibidi atembee dakika moja au mbili. Kutembea katikati ya mbio ndefu ya Januari ni ufundi. Kunashusha joto linalozalishwa papo hapo, jambo ambalo chupa ya maji haiwezi kulifanya.

Mbio ndefu yenyewe ipimwe kwa muda. Kama Julai kilomita 20 zilimchukua saa mbili na dakika 10, Januari akimbie saa mbili na dakika 10 na kuishia pale alipofikia, hata kama ni kilomita 18. Moyo na miguu vimepata kazi ile ile. Anayelazimisha zile kilomita mbili za mwisho anaziongeza katika dakika zile mwili ulipo wa moto zaidi na jua lipo juu zaidi.

Mbio za kasi zina ugumu wake, kwa kuwa haziwezi kupunguzwa mwendo bila kupoteza maana. Mtu akikaa miezi mitatu bila kukimbia kwa kasi atafika Moshi na moyo imara na miguu iliyosahau kuzunguka haraka. Kuna njia mbili. Moja ni kukata vipande viwe vifupi na kurefusha pumziko: badala ya mara tano za mita 1,000 kwa pumziko la dakika mbili, mara kumi za mita 400 na kutembea kivulini hadi pumzi irudi. Misuli inapata kasi yake, na joto halipati muda wa kujilimbikiza. Njia ya pili ni kwenda jimu yenye kiyoyozi mara moja kwa wiki na kuifanya kazi hiyo juu ya mashine ya kukimbilia, feni ikipuliza usoni. Wapo wanaoona hiyo ni kukimbia matatizo. Mimi naona ni kugawa kazi vizuri: siku ya kasi ihudumie kasi, siku nyingine zihudumie joto.

Maana joto nalo ni mazoezi, na mwili una uwezo mkubwa wa kulizoea. Atokaye Mbulu au Iten kuja pwani, na vilevile mkazi wa Dar anayelala, kusafiri na kufanya kazi ndani ya kiyoyozi, akikimbia polepole kwenye joto dakika 60 hadi 90 kila siku au karibu kila siku, huanza kubadilika ndani ya siku tano za kwanza. Sehemu ya maji ya damu inaongezeka, hivyo moyo unapata cha kusukuma kwenda kwenye misuli na ngozi kwa pamoja, na mapigo yanashuka. Baadaye, kati ya wiki moja na mbili, jasho linaanza kutoka mapema zaidi, linakuwa jingi zaidi, na chumvi ndani yake inapungua. Baada ya siku 10 hadi 14 mabadiliko makubwa yameshafanyika. Siku za mwanzo ndizo za kuogopwa, kwa sababu mtu ana afya ya milimani na mwendo wa milimani lakini ngozi yake bado haijajifunza kazi. Siku tatu za kwanza ziwe za mbio nyepesi za dakika 30 hadi 45, kisha muda uongezwe kwanza, na kasi ije mwisho kabisa.

Anayeishi mahali pa baridi na hawezi kushuka pwani mapema ana mbadala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales walionyesha mwaka 2016 kwamba wanaokimbia kwenye hali ya kawaida kisha wakaingia mara moja kwenye maji ya moto ya nyuzi 40, hadi shingoni, kwa muda unaofikia dakika 40, siku sita mfululizo, walipata sehemu nzuri ya mazoea hayo. Isifanywe peke yako, na ukihisi kizunguzungu toka. Mazoea haya hayadumu lakini. Wiki mbili au tatu bila joto zinatosha kuyafuta kwa kiasi kikubwa, na hilo wanalipuuza wanaorudi pwani baada ya likizo ndefu ya Desemba nyumbani bara na kushika ratiba pale walipoiacha.

Maji, sasa. Nimeyaweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu ushauri wa kunywa maji mengi umewafanya watu waamini kwamba mwenye chupa mkononi yuko salama. Maji yanasaidia damu isipungue, kwa hiyo jasho liendelee na moyo usihangaike. Lakini joto linalotoka kwenye misuli linategemea mwendo, na chupa haiubadilishi. Kujua kiasi chako ni rahisi: jipime uzito bila nguo kabla ya kukimbia na baada ya kujifuta. Dada yetu ametoka na kilo 60.0, amekimbia saa moja na robo, amekunywa nusu lita njiani, amerudi na kilo 58.7. Amepoteza kilo 1.3, ukijumlisha nusu lita aliyokunywa ni lita 1.8 za jasho, karibu lita moja na nusu kwa saa. Hahitaji kuirudisha yote akiwa mbioni, wala tumbo halitaikubali. Anywe anapohisi kiu, na mbio ikizidi saa moja ahakikishe ana maji njiani. Kipimo kikimwonyesha amerudi mzito kuliko alivyotoka, amekunywa kupita kiasi. Hilo si dogo: katika utafiti uliofanywa kwenye mbio za Boston mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa walikuwa na chumvi iliyoshuka mno kwenye damu, na kuongezeka uzito mbioni ndiyo dalili iliyoambatana nayo zaidi. Hali hiyo inaweza kuvimbisha ubongo.

Baada ya mbio, dafu ni kinywaji kizuri, lakini limejaa potasiamu na lina sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayobaki kama unga mweupe kwenye kofia yako. Supu ya mbuzi yenye chumvi, au chai na chapati na mayai, inaziba pengo hilo bila kununua unga wowote wa makopo.

Nimesema bidii ndiyo inayoangusha watu, na ushahidi wake nauchukua Falmouth, mji wa pwani wa Massachusetts nchini Marekani, ambako kila Agosti watu hukimbia mbio za kilomita 11.3 kwenye joto la unyevu. Umbali huo mwepesi wengi hawaunyweshi hata lita moja ya maji, na wengi humaliza kabla hawajapoteza maji ya kutisha. Hata hivyo, katika miaka 18 iliyochunguzwa, madaktari wa mbio hizo walitibu watu 274 waliopata kiharusi cha joto. Mbio fupi inamruhusu mtu kukimbia kwa nguvu zake zote, na nguvu zote ndizo zinazozalisha joto jingi. Kwenye klabu zetu za jogging jambo hili lina sura yake. Kundi linakimbia kwa wimbo, hatua moja, na mgeni wa wiki ya kwanza anaona aibu kubaki nyuma. Dakika 40 zinatosha kumwangusha. Kiongozi wa klabu anayewapanga wageni kwenye kundi la nyuma lenye mwendo wake ameokoa zaidi kuliko aliyebeba katoni za maji.

Kiharusi cha joto ni mwili kupita nyuzi 40 huku ubongo ukianza kuvurugika. Dalili ya kuangalia ni akili. Mtu aliyechoka na joto ana kichefuchefu, kizunguzungu na unyonge, lakini anakujibu sawasawa; ukimlaza kivulini na kuinua miguu yake, anarudi taratibu. Mwenye kiharusi cha joto anayumba kama mlevi, anakasirika bila sababu, anageuza njia, au anasisitiza kwamba yuko sawa. Muulize: "Dada, hapa tulipo ni wapi? Leo siku gani?" Jibu likiwa halieleweki, usingoje dalili nyingine. Wengi hudhani kwamba ngozi lazima iwe kavu. Kwa mwanamichezo si hivyo. Mara nyingi bado anachuruzika jasho, na wengine wanasisimka vinyweleo kama wanaohisi baridi. Kipimajoto cha kwapani, cha mdomoni au cha paji la uso kinaweza kuonyesha nyuzi 38 na kukudanganya. Kinachoaminika ni cha njia ya haja kubwa, nacho kinahitaji mhudumu aliyefunzwa. Na kwetu kuna mtego mwingine: mwili wa moto na maneno yasiyoeleweka, watu wanasema malaria imempanda kichwani, anapewa panado na kukimbizwa hospitali. Panado haifanyi kazi hapa, kwa sababu hii si homa. Mwili haukupandisha joto wenyewe, umeshindwa kulitoa. Na safari ya nusu saa kwenye foleni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi inakula muda ule ule ambao ungemwokoa.

Wale watu 274 wa Falmouth walipona wote. Walitumbukizwa kwenye maji ya barafu pale pale kwenye mstari wa kumalizia, na hospitali ikafuata baadaye. Kanuni inayofundishwa duniani kote sasa ni hiyo: poza kwanza, safirisha baadaye, na joto lishuke ndani ya nusu saa tangu mtu kuanguka. Maji ya barafu yanashusha kama nyuzi moja kila baada ya dakika tano.

Klabu isiyo na beseni la kuzamisha mtu inaweza kutumia turubai. Mlaze mgonjwa katikati, watu sita washike kingo na kuziinua ili ziwe kuta, na mmoja ashike kichwa chake kisizame kamwe. Mimina ndoo baada ya ndoo za maji, ongeza barafu, yatikise maji yasitulie kuzunguka ngozi. Barafu siyo anasa kwetu; wauza samaki wa Feri wanaiuza kwa magunia alfajiri, na jokofu moja la samaki kwenye gari la klabu siku ya mbio ndefu linatosha. Kama barafu haipo, maji ya bomba ya mfululizo mwili mzima, na shuka zilizolowa zikibadilishwa kila dakika huku watu wakipepea, ni bora mara nyingi kuliko kusubiri gari. Baadhi wanaogopa kwamba maji ya baridi juu ya mwili wa moto yataleta nimonia au kupooza. Joto la nyuzi 41 linaunguza ubongo, ini na figo kila dakika linapokaa. Hilo ndilo la kuogopa. Usimpe cha kunywa mtu ambaye akili imevurugika, maana maji yataingia mapafuni. Pasipo kipimajoto cha kuaminika, endelea kwa kama dakika 15, au hadi aanze kutetemeka kwa baridi na kujibu vizuri. Wakati huo mwingine awe amekwisha ita gari.

Hospitali bado ni lazima hata akisimama na kucheka, kwa kuwa figo na ini huonyesha madhara siku moja au mbili baadaye, na damu itabidi ipimwe. Mazoezi yasirudi kabla ya siku saba zisizo na mbio kabisa na ruhusa ya daktari. Yatakaporudi, yaanze kwa kutembea na mbio nyepesi mahali pa baridi, kisha mwili uzoeshwe joto upya kwa wiki mbili kamili kama wa mgeni aliyeshuka jana kutoka milimani. Kama Moshi iko ndani ya muda huo, aende kushangilia wenzake na ajiandikishe kwa mwaka unaofuata.